Kueleza kimo na ukaribu wa wenzi kutoka kwenye picha, mchoraji asije akawabadilisha

Bibi harusi aliitazama kanvasi, akamtazama mumewe, akaitazama tena kanvasi. "Huyu si mimi," akasema. "Huyu ni dada yangu mkubwa." Dada yake, kwa taarifa yako, amemzidi kimo kwa kiasi cha kuonekana hata mkiwa mbali. Sura ilikuwa yake kabisa: macho, mwanya, hata kidoti cha juu ya mdomo. Kilichobadilika ni mwili uliobeba hiyo sura.

Mimi hupokea kazi za picha kwenye kibanda kidogo Barabara ya Nasser, Kampala, katikati ya wachapaji wa kadi na mabango. Mchoraji ninayemtumia yuko Mombasa. Wateja wengi huja na picha ya simu, wamevaa jinzi na fulana, nao wanataka wachorwe kama siku ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa: mke kwenye gomesi, lile vazi refu la kike la Uganda, mume kwenye kanzu na koti. Wenzi hawa walipigwa picha Entebbe, kwenye uwanja wa zege wa shangazi yake bibi harusi. Yeye alikuwa amejiegemeza kwa mumewe, rasta zake kazifunga fundo juu ya kichwa. Kwenye mchoro aliomba nywele zilazwe chini. Nilituma picha na sentensi moja: "Wachore wamesimama hivyohivyo, ila gomesi na kanzu, na nywele zilale." Kilichorudi ni mwanamke aliyerefuka, mume aliyenyooka kama askari langoni, na kati yao nafasi ya kupitisha kiganja.

Nilimlaumu mchoraji siku mbili nzima. Siku ya tatu nikachukua rula, na rula ikaniambia kosa lilianzia kwangu.

Mchoraji anayenakili picha kama ilivyo hahitaji maelezo mengi, kwa kuwa jicho lake linafuata mistari iliyopo. Ukimwambia abadilishe nguo na nywele, umeifuta mistari hiyo. Jinzi ilimwonyesha goti liko wapi, kanzu inalificha. Fulana ilimwonyesha bega. Gomesi ina bega lake lenyewe, limesimama juu ya bega la mvaaji. Sasa analazimika kuijenga upya miili miwili kutoka kichwani mwake, na kichwani mwake, kama mwa wachoraji wengi, mna wenzi wa kawaida: mume amemzidi mke nusu kichwa, wote wamesimama wima, na wameachana kidogo ili nguo za kila mmoja zionekane vizuri. Maelezo yako ndiyo yanayomzuia kuwarudia hao. Picha peke yake haitoshi, na maneno kama "yeye ni mfupi kidogo" au "wamekaribiana sana" hayasaidii, maana "kidogo" ya Mombasa na "kidogo" ya Kampala si lazima zilingane.

Kwanza ipime picha yenyewe

Kabla hujawapima watu, hakikisha picha haijavutwa. Simu nyingi hupiga picha za uwiano wa 3 kwa 4. Mtu akiichapisha kwenye karatasi ya sentimita 20 kwa 30, ambayo ni 2 kwa 3, lazima ama ikatwe pembeni, ama iache weupe, ama ivutwe. Kwa upana wa sentimita 20, urefu wake halali ni kama sentimita 26.7. Ikivutwa hadi 30, kila kitu kimeongezwa urefu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hapo kuna mtego: tofauti ya vimo, ukiilinganisha na kimo cha mume, inabaki sawa, kwa kuwa wote wawili wamevutwa pamoja. Lakini mabega yamekuwa membamba na nyuso zimekuwa ndefu, kwa hiyo kipimo chochote cha upande kwa upande, ukaribu wao ukiwamo, ukikilinganisha na urefu wa kichwa kitakuwa cha uongo. Tafuta kitu cha duara ndani ya picha kinachoikabili kamera, kama saa ya ukutani au gurudumu la boda lililoonekana ubavu. Ukikuta limekuwa yai, omba picha ya asili. Mwambie mteja aitume Wasapu kama hati, si kama picha, ili ipotee kidogo iwezekanavyo.

Jambo la pili ni nani alikuwa karibu zaidi na kamera. Mtu akipigwa picha kutoka mita 2, na mwenzake akawa mbele yake kwa sentimita 30 tu, huyo wa mbele ataonekana mkubwa kwa takriban asilimia 18. Ukirudi nyuma hadi mita 4, sentimita 30 zilezile zinamkuza kwa asilimia 8 tu. Ndiyo sababu picha ya kujipiga kwa mkono ulionyooshwa haifai kabisa kwa kazi hii: aliyeshika simu ana kichwa kama boga.

Utajuaje kama wako sambamba? Pima uso wa kila mmoja kutoka katikati ya macho hadi ncha ya kidevu. Kwa kawaida kichwa cha mwanamke mtu mzima ni kidogo kuliko cha mwanamume, lakini si kwa kiasi kikubwa. Kwenye picha yetu, niliyoichapisha sentimita 15 kwa 20, mume alikuwa na milimita 10 na mke 9.5. Hiyo ni tofauti inayoaminika. Ningekuta mke ana 11, ningejua yuko mbele sana, na kimo chake kwenye picha kisingeweza kuchukuliwa kama kilivyo. Katika hali hiyo mimi huwaambia wapige nyingine: mpigaji asimame mita 3 au 4, simu iwe usawa wa kifua, nyayo za wote wawili zionekane, na wasimame katikati ya picha, kwa sababu kingoni lenzi ya simu huvuta vitu.

Utosi haupo pale nywele zinapoishia

Hapa ndipo kosa langu lilipokuwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu wengi wakiambiwa wapime kimo kwenye picha huweka rula kisiginoni na kuipandisha hadi sehemu ya juu kabisa ya kichwa. Kwa mume mwenye nywele zilizonyolewa hakuna tatizo. Kwa mwanamke mwenye rasta zilizofungwa fundo, wigi, au kilemba, umepima nywele. Kwenye picha yetu fundo lile lilikuwa na milimita 5 juu ya fuvu. Ukimtazama kwa haraka, juu ya fundo palilingana na chini ya pua ya mumewe, na mtu angeapa kwamba mke anamfikia mume puani.

Mchoraji alipoambiwa alaze nywele, fundo likaondoka, na mahali pake pakabaki pengo kando ya taya la mume. Mkono wa mchoraji haupendi pengo. Akaupandisha utosi hadi pale fundo lilipokuwa limefika, macho yakafuata, kidevu kikafuata, na ili kichwa kisielee akairefusha shingo na kuinua mabega. Kanvasi ilikuwa sentimita 60 kwa 80, mara 4 ya picha yangu, kwa hiyo milimita 5 za nywele zikawa sentimita 2 za mwili. Kwa mtu halisi ni kama sentimita 6. Si ajabu alimwona dada yake.

Dawa yake ni kupimia macho. Kwa mtu mzima macho yako takriban katikati ya kichwa, yaani kutoka macho hadi kidevu ni sawa na kutoka macho hadi utosi. Watu wengi hawaamini mpaka wajipime, kwa sababu nywele na paji la uso hutudanganya. Kwa hiyo pima macho hadi kidevu, zidisha kwa 2, umepata kichwa kizima bila kujali kilichofungwa juu yake. Kama kichwa kimeinama upande, iinamishe rula pia, ufuate mstari wa pua.

Kichwa cha mume ndicho nitakachokitumia kama kipimo cha kazi nzima. Macho hadi kidevu milimita 10, kichwa milimita 20. Kutoka utosini hadi chini ya soli, milimita 150. Kwa hiyo ana vichwa 7 na nusu, kipimo cha kawaida kabisa cha mtu mzima. Andika namba hiyo, maana wachoraji waliosoma vitabu vya kuchora mashujaa wamezoea vichwa 8. Ukimwacha mchoraji wa namna hiyo amchore mume kwa kimo sahihi lakini kichwa kidogo, basi hata ukisema "mke ni mfupi kwa kichwa kimoja", hicho kichwa kimoja kimeshapunguka na tofauti yao imepunguka nacho.

Tofauti ya kimo ni macho kwa macho

Macho ya mume yalikuwa milimita 140 kutoka ardhini. Ya mke, pale katikati ya jicho na jicho, 120. Tofauti ni 20, yaani kichwa kimoja cha mume, kamili. Tukiuhesabu utosi wake halisi, unaangukia usawa wa kidevu cha mumewe. Hiyo ndiyo sentensi ambayo mchoraji anaweza kuifanyia kazi hata bila rula: utosi wake, bila nywele, uko usawa wa kidevu cha mume.

Halafu viatu. Mke alivaa visigino vya sentimita 6. Mteja akikuambia "mimi nina 180, yeye ana 153", hivyo ni vimo vya miguu mitupu, na picha haionyeshi hivyo. Ukiandika vyote viwili bila kueleza, mchoraji atapata hesabu mbili zisizokubaliana na atachagua anayoipenda. Nilimuuliza bibi harusi kwa simu: "Nnyabo, kwenye mchoro utavaa viatu gani?" Akasema vilevile, na hata hivyo gomesi inafika chini, nani atavitazama? Lakini visigino vinaonekana hata vikifichwa, kwa sababu vimo vyao vinavisema. Uamuzi ukawa kwamba kimo ni cha kwenye picha, visigino vimo ndani yake. Angesema makubazi, ningemshusha sentimita 6 za kweli, yaani milimita 5 kwenye picha, na utosi wake ungeshuka chini ya kidevu cha mume kwa robo ya kichwa.

Kwa picha iliyokatwa magotini au kiunoni, ambako ardhi haionekani, tofauti ya macho bado inapimika, na hiyo ndiyo unayoihitaji zaidi. Kinachokosekana ni urefu wa miguu. Hapo usibuni: uliza vimo vyao vya miguu mitupu, uliza na viatu walivyovaa siku ile, basi.

Ukaribu una anwani

Kuwa karibu si hisia tu, ni mahali miili inapogusana, inapofunikana, na inapoachana. Nikianza kueleza ukaribu huanzia kichwani na kushuka, nikitaja kila mahali mwili wa mmoja unapokutana na wa mwenzake. Nasema pia upande ni upi, na siku zote ni upande wa mtazamaji. "Mkono wa kulia" ni maneno hatari: ni kulia kwa nani? Amua mara moja na uandike juu kabisa.

Kwenye picha yetu mke yuko kushoto kwa mtazamaji na yuko mbele kidogo. Kipaji chake cha uso, upande wa mume, kimelala kwenye mtulinga wa mume. Bega lake limefunika kifua cha mume kiasi cha robo. Mkono wa mume umepita nyuma ya mgongo wake na kutokea upande wa pili, vidole vinne vinaonekana kiunoni mwake, dole gumba halionekani. Nyonga zao zimegusana. Kuanzia mapajani wanaachana, na uwazi unaofunguka kati ya miguu yao una umbo la pembetatu, ncha juu, kitako ardhini. Kutoka kiatu hadi kiatu kuna milimita 10, nusu kichwa.

Vipimo viwili hukamilisha maelezo hayo. Cha kwanza ni umbali kutoka pua hadi pua, upande kwa upande: hapa milimita 17, pungufu kidogo ya kichwa kimoja. Mchoraji akiwaachanisha, namba hii hukua mara moja.

Cha pili nimekiazima kwa waashi: timazi. Chukua uzi, ushikilie juu ya picha kwenye kishimo cha shingo ya mke, uuache uning'inie wima hadi ardhini. Mtu aliyesimama mwenyewe, uzi wake huangukia kati ya nyayo zake mbili. Wa bibi harusi wetu uliangukia nje, milimita 4 kupita kiatu chake cha upande wa mume. Maana yake mume akiondoka, mke anaanguka. Hapo ndipo penyewe panapofanya watazamaji waseme "hawa wanapendana", ingawa hakuna hata mmoja anayejua ni kwa nini amesema hivyo. Mchoraji alipomnyoosha, uzi ukarudi kati ya nyayo, na papo hapo wakawa watu wawili waliokutana kwenye foleni.

Kumnyoosha kuna hasara nyingine. Mwili ulioegemea hupoteza kimo kidogo, na namba zote tulizochukua ni za mwili ulioegemea. Ukiunyoosha na bado ukaweka macho pale 120, umemfupisha. Ukiyapandisha, umeharibu utosi na kidevu. Kwa hiyo andika waziwazi: asinyooshwe.

Gomesi inahamisha mabega na kiuno

Mchoraji wangu anajua kanzu tangu utotoni, lakini gomesi, au busuuti kama wengine wanavyoiita, ameiona kwenye picha tu. Nguo hii ina mambo mawili yanayopotosha uwiano wa mvaaji machoni pa mgeni.

Mabega yake yamechongoka na kusimama juu. Mchoraji akidhani ile ncha ni bega, atapandisha bega zima, shingo itaonekana fupi, kisha atairefusha shingo ili kurekebisha, na kichwa kitapanda. Tumerudi kulekule. Mwambie kwamba bega la mwili linabaki pale lilipo kwenye fulana na ncha ya nguo inasimama juu yake. Na kwa kuwa kipaji cha mke kimelala kwa mumewe, ile ncha ya upande wa mume haiwezi kusimama vizuri. Imebanwa na kujikunja. Kuichora imesimama ni kuweka ukuta mdogo kati yao.

La pili ni mshipi mpana wenye ncha zinazoning'inia mbele. Haufungwi kiunoni, hufungwa nyongani. Asiyejua ataufanya kuwa kiuno, kisha atapima miguu kuanzia hapo, na mke atapata kiwiliwili kirefu na miguu ya mtoto. Vilevile ndani ya gomesi huwa pamefungwa kitambaa kinachonenepesha nyonga, kwa hiyo upana wa nguo nyongani si upana wa mwili. Niliamua nguo iongezeke kwa upande wa nje tu, kushoto kwa mtazamaji, na upande wa mume ibanwe, ili nyonga zisiachane.

Kanzu na koti havina shida kubwa. Nusu ya kimo cha mtu mzima iko takriban pale mapaja yanapogawanyika, kwa hiyo nilisema koti liishie hapo, milimita 75 kwenye picha. Ile pembetatu kati ya miguu itafunikwa na nguo, hilo halikwepeki, na ikifunikwa ushahidi wa mke kuegemea unapungua. Ndiyo maana namba ya timazi inahitajika zaidi kwenye mchoro wa nguo ndefu kuliko wa jinzi.

Karatasi niliyoituma mara ya pili

Niliiandika fupi, ukurasa mmoja, nikiwa nimeshazidisha kila kipimo kwa 4 ili mchoraji asipige hesabu. Ilisomeka hivi:

"Kaka, pande zote ni za mtazamaji. Kanvasi 60 kwa 80, usivute. Mke kushoto na mbele kidogo, mume kulia. Vipimo ni sentimita, kutoka mstari wa ardhi.

Mume: utosi 60, macho 56, kidevu 52. Kichwa chake ni 8, ana vichwa 7 na nusu, usimfanye wa vichwa 8.

Mke: katikati ya macho 48. Macho hadi kidevu 3.8, ukifuata mwinamo wa uso. Utosi wake bila nywele uko usawa wa kidevu cha mume. Fundo la nywele unaloliona kwenye picha si kichwa. Likiondoka, mahali pake paonekane taya na shingo ya mume, usimpandishe mke kujaza. Kimo hiki kina visigino vya sentimita 6 ndani yake, usiongeze wala kupunguza.

Ukaribu: pua hadi pua 6.8, upande kwa upande. Kipaji cha mke kimegusa mtulinga wa mume. Bega lake limefunika robo ya kifua cha mume. Mkono wa mume unapita nyuma, vidole vinne vinaonekana kiunoni kwa mke kushoto. Nyonga zimegusana, mandharinyuma yasionekane kati yao kutoka kichwani hadi nyongani. Timazi kutoka kishimo cha shingo ya mke iangukie 1.6 nje ya kiatu chake cha kulia. Ameegemea, asinyooshwe. Kichwa cha mume kimeinama kidogo kumwelekea.

Nguo: bega la gomesi la kulia limebanwa na kujikunja, la kushoto limesimama juu ya bega la mwili. Mshipi uko nyongani, si kiunoni. Kiuno ni pale vidole vya mume vilipo. Gomesi inenepe kushoto tu. Koti la mume liishie 30.

Ruhusa ya kubadilisha: nguo, nywele, mandhari, rangi ya viatu. Mengine yote yabaki.

Nitumie mistari ya penseli kabla ya rangi."

Ile sentensi ya ruhusa ina kazi kubwa. Mchoraji mzuri hurekebisha vitu bila kuombwa, ndiyo uzuri wake, kwa hiyo mpe uwanja wa kurekebishia. Nimeona pia kwamba makatazo yakizidi matatu au manne msomaji huanza kuyaruka, hivyo "usi-" nimeziweka pale tu ambapo najua mkono wake utateleza.

Kukagua penseli

Rangi ikishapakwa, kila mtu anaona aibu kurekebisha. Kwenye penseli ni kufuta tu. Mwombe apige picha ya kanvasi akiwa amesimama mbele yake sawasawa, si kutoka chini, la sivyo simu yake itarudisha makosa yote uliyoyafukuza. Angalia kingo za kanvasi ndani ya picha hiyo: zikiwa sambamba, endelea, zikiwa zimekutana juu kama paa, aipige tena.

Mimi hukagua vipimo vitano kwa mfuatano huu: kichwa cha mume, kimo cha mume, macho ya mke, pua hadi pua, timazi. Kichwa kinakuja kwanza kwa sababu kikikosewa, vingine vyote vinaweza kuwa sahihi kwenye rula na bado watu wakaonekana si wao. Milimita 3 kwenye kanvasi ya ukubwa huu naziachilia, ni kama sentimita moja tu ya mtu halisi. Zikifika 5 narudisha. Baadaye nageuza picha juu chini. Ikiwa juu chini, jicho linaacha kuona sura za watu na kuanza kuona mapengo, na pengo kati ya wenzi lisilopaswa kuwapo hujitokeza lenyewe.

Penseli ya pili ya wenzi hawa ilikuwa sahihi kila mahali isipokuwa timazi: uzi uliangukia kwenye ukingo wa kiatu chenyewe. Mchoraji alikuwa amemwegemeza, lakini kwa shingo tu, mwili umebaki wima. Kwa namba ya macho peke yake nisingeligundua, maana macho yalikuwa pale pale 48. Nikamwambia asiguse kichwa wala nyonga, asogeze nyayo zote mbili za mke kushoto kwa sentimita 1.6, mwili uegemee kufuata. Akajibu kwa picha baada ya nusu saa, na chini yake ameandika neno moja: "Kumbe."

Kanvasi ilipofika kwa basi, bibi harusi alikuja na mumewe. Alivua kandambili, akaniomba kitu cha kukanyagia, nikampa daftari la risiti, maana hakuja na visigino vyake. Akasimama juu yake mbele ya mumewe, akaweka kiganja utosini, akakisukuma mbele mpaka kikagusa kidevu. Kisha akafanya vilevile kwenye kanvasi, kwa kidole. Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akauliza kama tungeweza kumpunguza mzee tumbo.